Picha ya mfuko wa dagaa isiyohitaji kufutwa bakigraundi

"Shikamoo kaka. Nipo Kirumba, nafungasha dagaa wa kukaanga kwenye mifuko ya plastiki inayoonyesha ndani, gramu 250, lebo ipo mbele. Nauza kwa WhatsApp. Nikipiga picha sebuleni kwa simu, plastiki inang'aa mpaka lebo haisomeki, karatasi nyeupe niliyoweka nyuma inatoka ya kijivu yenye ubluu, na dagaa wanaonekana kama wa mwezi uliopita. Nakesha nikifuta bakigraundi, halafu kingo za mfuko nazo zinaliwa. Je, ninunue ile taa ya duara?"

Marahaba mdogo wangu. Taa ya duara usinunue, angalau si kwa kazi hii. Ile imetengenezwa kwa ajili ya sura ya mtu, na hukaa mbele, palepale simu ilipo. Mfuko wako una plastiki mbele. Ukiiweka taa mbele yake utapata duara jeupe limekaa katikati ya lebo, na hilo hakuna programu ya simu italifuta vizuri, kwa sababu chini yake hakuna maandishi yaliyobaki. Mwanga umeshayameza.

Plastiki hurudisha mwanga kama ukuta unavyorudisha mpira: ukiupiga kwa mshazari kutoka kushoto, unarudi kwa mshazari uleule kuelekea kulia. Ukiupiga moja kwa moja, unakurudia mkononi. Kwa hiyo ule mng'ao unaoulalamikia si mwanga kuwa mwingi, ni mwanga kutokea mahali ambapo ukigonga plastiki unaishia kwenye lenzi. Hamisha mwanga au geuza mfuko, na mng'ao unaondoka hata kama chumba kina mwanga uleule.

Namna ya kujua mng'ao unatoka wapi ni rahisi na watu wengi hawaijui. Chukua kioo kidogo cha kujitazamia, kiegemeze kwenye mfuko, pale kwenye lebo, kikiwa kimelala sawasawa na plastiki. Sasa weka jicho lako mahali simu itakapokuwa. Chochote unachokiona ndani ya kioo ndicho mfuko unachokiona, na ndicho kitakachokuja kwenye picha. Ukiona dirisha, una tatizo. Ukiona tyubulaiti ya darini, una tatizo. Ukiona tumbo lako na fulana ya njano, nalo ni tatizo. Sogeza vitu mpaka kioo kionyeshe kitu kimoja tulivu, ukuta wenye kivuli au kitambaa cheusi, ndipo utoe kioo na kupiga.

Hilo la fulana si utani. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilipiga chupa arobaini za asali nimevaa fulana ya rangi ya chungwa. Kwenye skrini ya simu sikuona kitu. Usiku nilipofungua picha nikakuta kila kifuniko cha bati kina mtu wa chungwa ndani yake. Nilirudia kazi yote kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo nina shati moja jeusi ambalo mke wangu analiita sare.

Tuje kwenye meza yako. Unahitaji dirisha moja, shuka jeupe lisilo na maua, karatasi mbili za manila nyeupe zile kubwa, karatasi moja ya manila nyeusi, na selotepu. Vyote hivyo unavipata stesheneri yoyote pale mjini.

Dirisha kwanza, kwa sababu hapa Mwanza lina hesabu yake. Tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi kusini yake. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi kuelekea mwisho wa Septemba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha linalotazama kusini halipigwi na jua kabisa miezi hiyo, lina mwanga tulivu siku nzima. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi mambo yanageuka: tafuta dirisha la kaskazini. Kama nyumba yako ina dirisha la mashariki na magharibi tu, tumia la magharibi asubuhi na la mashariki baada ya saa nane. Unachotafuta ni dirisha linaloona anga lakini halioni jua lenyewe. Jua likiingia moja kwa moja, kila mkunjo wa plastiki utawaka kama kisu.

Hata dirisha likiwa upande wa kivuli, lipigie shuka. Linyooshe, ulibane juu na chini ili lisipeperuke na upepo wa ziwani. Shuka linafanya dirisha zima liwe taa moja kubwa laini, na taa kubwa ikirudishwa na plastiki inakuwa weupe mpana uliofifia badala ya doa kali. Kama vioo vya dirisha lako ni vile vya rangi, vya bluu au kahawia, fungua dirisha, mwanga upite kwenye shuka peke yake. Pazia la rangi nalo litoe kabisa, usilisogeze tu pembeni.

Sasa meza. Iweke ubavuni mwa dirisha, siyo mbele yake, ili wewe ukisimama kupiga, dirisha liwe mkono wako wa kushoto au wa kulia. Kutoka dirishani hadi kwenye mfuko acha kama sentimita 60 au 70. Chukua manila nyeupe ya kwanza, ibandike ukutani au kwenye mgongo wa kiti, iteremke na kupinda taratibu mpaka ilale mezani. Usiikunje. Ule mpindo ndio unaofuta mstari kati ya meza na ukuta, na ndio unaokuokoa usiufute kwa kidole baadaye. Mfuko uweke sentimita 30 au zaidi mbele ya sehemu inayopanda, ili kivuli chake kilale mezani na kisipande nyuma.

Upande wa pili wa mfuko, mkabala na dirisha, simamisha manila nyeupe ya pili. Ikunje katikati kama kadi ya harusi, itasimama yenyewe. Kazi yake ni kurudisha mwanga kwenye ubavu wenye giza. Ukiisogeza karibu kivuli kinapungua, ukiivuta mbali kinaongezeka. Mimi naipenda ikiwa umbali wa mkono mmoja, kivuli kibaki kidogo, vinginevyo mfuko unaonekana umebandikwa kama stika.

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ule ukijivu unapozaliwa. Una sababu mbili, na watu hushughulika na moja tu.

Ya kwanza ni mahali. Karatasi ya nyuma mara nyingi huwekwa nje ya usawa wa dirisha: mfuko unapata mwanga, karatasi iko kwenye kona yenye giza. Simu inaona mfuko wenye mwanga na karatasi yenye giza, na inapiga ilichokiona. Sogeza meza yote nyuma au mbele mpaka katikati ya dirisha pawe sawa na mfuko, au nyuma yake kwa upana wa kiganja. Sasa karatasi nayo inatazamwa na dirisha, na inapata mwanga sawa na mfuko au zaidi. Uso wa mfuko ukionekana umefifia kidogo, ile manila ya pembeni itauinua, na unaweza kuugeuza mfuko wenyewe kidogo, kama mtu anayesikiliza jambo dirishani.

Ya pili ni simu. Kamera haijui kwamba karatasi ni nyeupe. Inapima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake kina wastani wa mwanga, si cheupe sana wala cheusi sana. Ukiipa fremu iliyojaa weupe, inaamua mwanga umezidi na kuupunguza, na weupe unageuka kijivu. Kwa hiyo lazima uiambie. Gusa mfuko kwenye skrini, shikilia kidole mpaka simu ijifunge hapo. Kwenye aifoni utaona AE/AF LOCK. Kisha vuta kale kajua pembeni kwenda juu. Kama simu yako ina hali ya Pro, weka EV, yaani kipimo cha mwangaza, kwenye +0.7, ujaribu, halafu +1. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo kwa dirisha lenye shuka. Ukilazimika kupanda hadi 2, mwanga wako ni mdogo au karatasi iko gizani, rudi kwenye meza.

Utajuaje weupe umetosha? Usiamini skrini ya kamera, ina fremu nyeusi na macho yanadanganyika. Tuma picha kwenye dokumenti tupu, au iangalie kwenye ukurasa wowote mweupe. Kingo za picha zikionekana kwa shida, umefika. Zikionekana kama boksi la kijivu, ongeza kidogo. Na maandishi meupe ya lebo au sehemu nyepesi za plastiki zikianza kupotea, umepitiliza, punguza hatua moja. Kati ya kijivu kidogo sana na lebo iliyoungua, chagua kijivu, kwa kuwa hicho unaweza kukiinua baadaye kwa mvuto mmoja wa mwangaza. Kilichoungua hakirudi.

Ubluu una chanzo kingine. Mwanga wa anga lisilo na jua ni wa bluu kuliko jicho linavyokuambia, na balbu ya njano au tyubulaiti ina rangi yake. Ukichanganya dirisha na taa ya darini, upande mmoja wa mfuko unakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na hakuna kitufe kinachosahihisha pande zote mbili kwa pamoja. Zima taa zote chumbani, hata ile ya korido kama mlango uko wazi. Angalia na kuta: sebule yenye ukuta wa kijani au bluu ya maji inarusha rangi hiyo mezani, na dagaa wa kukaanga, ambao uzuri wao wote uko kwenye ule wekundu wa udongo, wakipata ubluu kidogo tu wanaonekana wamelala. Hapo ndipo ulipowaona wa mwezi uliopita. Kama ukuta ni wa rangi kali, ufunike kwa shuka lingine jeupe upande ulio karibu na meza.

Baada ya hapo usiiachie simu iamue rangi yenyewe, maana itaamua upya kwa kila picha. Kwenye Pro tafuta WB, yaani mizani ya weupe, anzia 5500, upandishe taratibu ukiangalia manila mpaka ubluu uishe bila njano kuanza. Kwa kivuli cha hapa mara nyingi mimi naishia kati ya 6000 na 6500. Ukishaipata usiiguse mpaka umalize. Simu isiyo na Pro si mwisho wa safari. Piga zote kwa mfululizo bila kubadilisha chochote mezani, angalau kosa litakuwa moja na utalirekebisha mara moja kwa zote.

Sasa kingo zinazoliwa. Mfuko unaoonyesha ndani, mbele ya karatasi nyeupe, hauna ukingo. Plastiki ya pembeni inaonyesha weupe ulio nyuma yake, kwa hiyo hata programu haijui mfuko unaishia wapi, inabahatisha na kukata. Wapiga picha za chupa wanalijua hili siku nyingi, na dawa yake ni karatasi nyeusi. Kata vipande viwili virefu kuliko mfuko kidogo. Cha upande wa manila nyeupe kiwe na upana wa vidole vinne, cha upande wa dirisha vidole viwili tu kisije kuziba mwanga. Visimamishe kulia na kushoto, nyuma kidogo ya mfuko, karibu kadiri uwezavyo lakini nje ya fremu. Pembe za mfuko zilizopinda zitaviona na kuchora mstari mwembamba wa giza kila upande. Mstari huo ndio ukingo. Ukitazama kwenye simu na kusogeza kipande kimoja ndani na nje utauona ukitokea na kupotea, na hutahitaji kuelezwa zaidi.

Ukiona hata hivyo mfuko umefifia, acha weupe. Hakuna sheria inayosema bidhaa ikae kwenye nyeupe. Manila ya kijivu chepesi au ya rangi ya maziwa inashika kingo za plastiki vizuri na inawapa dagaa joto. Ninachokuomba usitumie ni flexi ya bango, kitambaa cha satini na meza ya kioo. Vyote vinang'aa, na utakuwa umeongeza vioo viwili kwenye tatizo la kioo kimoja. Kanga nayo iache, inavutia kupita kiasi kwa kazi hii. Macho ya mteja yatasoma jina la kanga kabla ya jina lako. Na wale wanaokushauri upeleke mfuko kwenye mawe ya ziwani, sawa, piga moja ya kupamba, saa kumi na mbili kasoro jioni, ila orodha ya bidhaa usiipigie huko.

Mfuko wenyewe ufunge maalumu kwa picha. Dagaa wakifungwa bado wana joto hutoa jasho, na plastiki ya ndani inapata ukungu ambao kwenye picha ni kama vumbi, wapoe kabisa. Mafuta pia hujipaka ndani ukitikisa mfuko. Chukua mfuko mpya, ujaze polepole kwa kijiko, halafu wale wa mbele wapange kidogo kwa njiti, wazima waonekane, vumbi la vichwa libaki chini. Jaza kuliko kawaida kidogo ili plastiki ikazike na mikunjo ipungue, kwa sababu kila mkunjo ni kioo kidogo chenye pembe yake. Ila uzito ulioandikwa kwenye lebo uendane na mteja atakachopata. Ikiwa umeongeza kwa ajili ya picha, usiuze picha ya gramu 300 kama gramu 250; jaza sehemu ya nyuma isiyoonekana kwa karatasi iliyokunjwa, na dagaa wabaki 250.

Weka kipande kidogo cha mbao au kiberiti nyuma ya mfuko usimame, na uinamishe mbele kidogo sana, kama anayesalimia. Kuinama huko kunauondolea mfuko picha ya dari na kuuonyesha meza. Meza ni nyeupe, lakini iko chini na haina makali.

Upande wa simu nina mawili tu. Futa lenzi. Wewe unashika dagaa wa mafuta na simu kwa mikono ileile; alama moja ya kidole inaleta ukungu mweupe juu ya picha yote, na watu wengi huudhania ni kamera mbovu. Pili, usiikaribie bidhaa. Ukiwa sentimita 20 tumbo la mfuko linavimba na lebo inapinda pembeni. Rudi nyuma karibu mita moja, bonyeza 2x, na simu iwe usawa wa katikati ya mfuko, siyo juu yake. Iegemeze kwenye kopo lenye uzito na utumie kipima muda cha sekunde 3 ili mkono usiitikise. Fleshi usiiwashe hata siku moja, hiyo ni taa ya duara nyingine.

Muda mzuri hapa ni saa tatu hadi saa tano asubuhi, kisha saa nane hadi saa kumi. Siku ya mawingu mepesi ni bora kuliko ya jua kali. Siku ya mawingu yanayokimbia ndiyo mbaya, maana mwanga unapanda na kushuka kati ya picha mbili. Subiri wingu lipite, piga zote ndani ya dakika chache.

Usiku inawezekana, lakini kwa balbu moja kubwa ya ledi nyeupe nyuma ya shuka lilelile, ubavuni kama dirisha, taa nyingine zote zimezimwa. Ukiona michirizi ya giza ikitembea kwenye skrini, ni balbu inapepesa na umeme wetu wa hertzi 50. Kwenye Pro weka kasi ya 1/50 au 1/100, michirizi itatulia. Ikiendelea, badilisha balbu.

Ukishapata picha inayokuridhisha, usibomoe meza kwanza. Bandika vipande vya selotepu mezani kuonyesha ulipokaa mfuko, zilipokaa manila na vipande vyeusi, na kingine sakafuni pa kuweka stuli ya simu. Andika WB na EV kwenye karatasi, uibandike ukutani. Siku utakapoleta mfuko wa nusu kilo au lebo mpya, unapanga kwa alama hizo ndani ya dakika kumi, na picha yake itakaa kando ya ile ya zamani kana kwamba zilipigwa siku moja. Kazi inayobaki kwenye simu ni kukata pembeni ziwe za mraba.